Mstari kamili, mstari linganishi au kipimo cha nyanja nyingi: utumie kipi kupima umaskini?

Ripoti mbili za nchi moja na mwaka mmoja zinaweza kusema, moja kwamba umaskini umepungua na nyingine kwamba umeongezeka, na zote zikawa za kweli. Ireland ilipitia hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Uchumi ulikua kwa kasi na watu wa kipato cha chini wakapata fedha nyingi kuliko walizozoea, lakini walio chini ya mstari wa umaskini wa kulinganisha wakaongezeka, kwa sababu watu wa katikati walisonga mbele haraka zaidi. Aliyetaka kuisifu serikali alikuwa na takwimu yake, na aliyetaka kuilaumu alikuwa na yake.

Ndiyo maana anayeandaa ripoti ya mradi, tasnifu, habari ya gazeti au mpango wa halmashauri hukwama mapema: atumie kipimo kipi? Viko vitatu vinavyotumika sana. Mstari kamili hukadiria gharama ya mahitaji ya msingi na kuuliza nani hafiki hapo. Mstari linganishi huuliza nani ameachwa mbali na mtu wa kawaida wa nchi yake. Kipimo cha nyanja nyingi huweka fedha pembeni na kuuliza kaya inakosa nini hasa: shule, maji, lishe, choo, umeme.

Vigezo vya kulinganishia

Kila kipimo nitakiuliza maswali yaleyale. Kinajibu swali gani? Mstari wake unachorwaje, na nani anayeamua? Kinafanyaje uchumi ukipanda au ukianguka? Kinahitaji data gani? Na kinamfaa nani? Swali la tatu nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumbuka. Kipimo huchaguliwa mambo yakiwa shwari, halafu mwaka wa mtikisiko kinatoa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia.

Ili tusibaki hewani, tuchukue jamii ndogo ya kaya tano zenye idadi sawa ya watu. Kipato ni cha kila mtu kwa siku, kwa fedha yoyote ile, na bei za vitu tuseme hazibadiliki. Safu ya pili ya namba inaonyesha uchumi ukikua. Safu ya tatu inaonyesha uchumi ukitikisika badala ya kukua, kuanzia hali ileile ya mwanzo.

| Kaya | Mwanzo | Uchumi ukikua | Uchumi ukitikisika |
|---|---|---|---|
| A | 22 | 33 | 21 |
| B | 34 | 40 | 33 |
| C | 60 | 90 | 48 |
| D | 90 | 120 | 70 |
| E | 140 | 200 | 100 |

Mstari kamili

*Swali lake.* Je, mtu huyu ana uwezo wa kugharamia kiwango cha chini kabisa cha maisha, bila kujali jirani yake ana nini? Seebohm Rowntree alilifanyia kazi swali hili katika mji wa York, Uingereza, kwa utafiti wa mwaka 1899. Alipiga hesabu ya chakula, pango, mavazi na nishati, kisha akahesabu familia ambazo mapato yao hayakutosha.

*Unavyochorwa.* Nchi nyingi zinazoendelea bado zinafuata njia inayofanana na ile. Huanza na kapu la chakula linaloipa kaya nishati ya kutosha, kwa kawaida kilokalori zaidi kidogo ya 2,000 kwa mtu kwa siku. Vyakula vinavyoingia kwenye kapu ni vile ambavyo watu wa kipato cha chini wanakula kweli, wala si vile ambavyo mtaalamu wa lishe angependa wale. Kapu likishapigiwa bei, unapata mstari wa chakula. Baada ya hapo huongezwa mahitaji mengine, na hapa ndipo penye siri ambayo wasomaji wengi wa ripoti hawaijui. Hakuna orodha ya pili ya sabuni, nauli na nguo. Wataalamu hutazama kaya ambazo matumizi yao yote yanalingana na mstari wa chakula, au kaya ambazo matumizi yao ya chakula pekee yanalingana nao, kisha huona zinatumia kiasi gani kwa mambo mengine. Njia ya kwanza hutoa mstari wa chini, ya pili hutoa mstari wa juu. Nchi ileile, data ileile, na umaskini unaweza kutofautiana sana kwa uamuzi huo mmoja.

Marekani ilikata njia ya mkato. Miaka ya 1960 Mollie Orshansky alichukua gharama ya mlo wa bei nafuu na kuizidisha kwa 3, kwa kuwa familia za wakati huo zilitumia takriban theluthi ya mapato kwa chakula. Tangu hapo mstari rasmi wa nchi hiyo umekuwa ukipandishwa kufuata bei tu. Leo chakula hakichukui tena theluthi ya bajeti ya familia ya kawaida ya Marekani, na gharama za nyumba, matibabu na malezi ya watoto zimekuwa mzigo mwingine kabisa, lakini mstari unaendelea kubeba maisha ya enzi zile. Huu ndio ugonjwa wa mstari kamili: usipofanyiwa ukarabati, unazeeka kimyakimya.

Mstari wa kimataifa wa Benki ya Dunia nao ni wa aina hii. Ulianza mwaka 1990 kama dola 1 kwa siku, ukafika dola 1.90 mwaka 2015, dola 2.15 mwaka 2022 na dola 3.00 mwezi Juni 2025. Dola hizo si za kwenye duka la kubadilishia fedha. Zimerekebishwa ili ziwe na uwezo uleule wa kununua katika kila nchi, kwa hiyo ukizidisha 3.00 kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo utakuwa umekosea, na kosa hilo nimeliona hata kwenye ripoti zilizochapishwa kwa karatasi nzuri. Mstari wenyewe unatokana na mistari ya kitaifa ya nchi maskini kabisa, na ongezeko la 2025 kwa sehemu kubwa lilitokana na nchi hizo kuipandisha mistari yao. Kwa maneno mengine, hata mstari tunaouita kamili una ulinganishaji ndani yake: unabadilika kadiri nchi maskini zinavyobadili mawazo kuhusu nini ni cha msingi.

*Uchumi ukibadilika.* Tuseme mstari wa jamii yetu ni 30. Mwanzoni maskini ni A peke yake. Uchumi ukikua, A anafika 33 na umaskini unaisha. Uchumi ukitikisika, A anabaki peke yake chini ya mstari, na ripoti itasema hakuna kilichobadilika. Lakini A ameshuka kutoka 22 hadi 21, pengo lake limetoka 8 hadi 9, naye B amesogelea ukingo kwa hatua moja. Idadi ya maskini haioni hayo. Kwa hiyo ukitumia mstari kamili, usichapishe idadi bila pengo, yaani wastani wa kiasi ambacho walio chini wanapungukiwa. Pengo ndilo linalokuambia pia ingegharimu kiasi gani kuwainua.

*Data.* Unahitaji utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Ni kazi ghali na hufanyika kwa nadra, na matokeo hutegemea hata namna swali lilivyoulizwa. India iligundua hilo katika utafiti wake wa 1999 hadi 2000. Kipindi ambacho watu walitakiwa kukumbuka walichotumia kilibadilishwa, na wachumi wakabaki wanabishana kwa miaka kama umaskini ulipungua kweli au ni dodoso lililobadilika. Kabla hujalinganisha miaka miwili, fungua madodoso yote mawili uone kama watu waliulizwa matumizi ya siku 7 au ya siku 30.

*Anayefaidika nao.* Anayetaka kujua nani hawezi kula na kujisitiri, anayelinganisha nchi maskini na nchi maskini, na anayepanga kiasi cha ruzuku ya fedha taslimu.

Mstari linganishi

*Swali lake.* Nani anashindwa kuishi maisha ambayo jamii yake inayaona ya kawaida? Adam Smith aliligusia mwaka 1776 alipoandika kwamba shati la kitani si hitaji la uhai, lakini katika Ulaya ya wakati wake hata kibarua angeona aibu kutokea mbele za watu bila nalo. Peter Townsend wa Uingereza alilijengea hoja kamili katika miaka ya 1970: maskini ni yule ambaye rasilimali zake ni ndogo kiasi cha kumtoa nje ya desturi na shughuli za kawaida za jamii yake.

Amartya Sen alimjibu kwa namna ambayo kwangu mimi bado ndiyo iliyotulia kuliko zote. Uwezo wa kuishi bila aibu, alisema, ni hitaji lisilobadilika kwa binadamu yeyote. Kinachobadilika ni bidhaa zinazohitajika ili kulitimiza. Mtoto wa nchi tajiri asiye na kompyuta anaweza kushindwa kufuata masomo yaleyale ambayo mwingine, katika nchi nyingine, anayafuata kwa daftari na kalamu.

*Unavyochorwa.* Panga watu wote kutoka mwenye kipato kidogo hadi mwenye kikubwa, kisha umchukue aliye katikati kabisa. Kipato chake ndicho kipato cha kati. Umoja wa Ulaya huchora mstari kwenye asilimia 60 ya kipato hicho, na takwimu za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, mara nyingi hutumia asilimia 50. Hakuna sayansi iliyochagua 60 badala ya 55. Ni makubaliano, na ni vyema kuyasema wazi kama makubaliano. Kabla ya kupanga watu, kipato cha kaya hurekebishwa kulingana na ukubwa wake. Kwa skeli inayotumika Ulaya, mtu mzima wa kwanza huhesabiwa 1, kila mtu mwingine mwenye miaka 14 au zaidi 0.5, na kila mtoto wa chini ya miaka 14 0.3. Baba, mama na watoto wawili wadogo huwa 2.1, kwa hiyo mapato yao hugawanywa kwa 2.1 na si kwa 4.

*Uchumi ukibadilika.* Hapa ndipo penye mambo. Mwanzoni kipato cha kati ni 60, yaani cha C, na asilimia 60 yake ni 36. Maskini ni A na B. Uchumi ukikua, kipato cha kati kinakuwa 90 na mstari unapanda hadi 54. A ameongezewa nusu ya kipato chake, B naye kaongezewa, na wote wawili bado ni maskini. Hii ndiyo Ireland.

Sasa tazama mtikisiko. Kipato cha kati kinashuka hadi 48 na mstari unashuka hadi 28.8. B, ambaye kipato chake kimepungua kutoka 34 hadi 33, ametoka kwenye umaskini. Amepungukiwa, na bado ripoti inampongeza. Si mchezo wa hesabu za darasani tu: Uingereza iliona umaskini linganishi ukishuka baada ya mgogoro wa fedha wa 2008, wakati kipato cha mtu wa katikati kilipoporomoka huku mafao ya walio chini yakihimili zaidi.

Dawa yake ipo na ni rahisi. Chora mstari linganishi mara moja, kisha uugandishe: unaupandisha kwa mfumuko wa bei pekee kwa miaka kadhaa. Uingereza hutoa takwimu za namna hiyo sambamba na zile za kawaida, kwa mstari uliogandishwa mwaka 2010/11. Katika jamii yetu mstari wa 36 ukigandishwa, ukuaji unamtoa B na kumwacha A, na mtikisiko unawaacha wote wawili chini. Majibu hayo yanafanana na maisha yao. Lakini usiugandishe milele, maana baada ya muda utakuwa umerudi kwenye ugonjwa wa Orshansky.

Kuna dhana moja inayorudiwa sana, kwamba kwa mstari linganishi umaskini hauwezi kuisha kwa sababu lazima kuwe na wa mwisho. Si kweli. Mstari umefungwa kwa mtu wa katikati, haukufungwa kwa asilimia fulani ya watu. Kama nusu ya chini ya jamii yote ingepata zaidi ya asilimia 60 ya kipato cha kati, umaskini huo ungekuwa sifuri, hata kama E angebaki na mali zake zote. Kilicho kweli ni kwamba kipato cha kila mtu kikiongezeka maradufu, idadi haiguswi.

*Data.* Utafiti wa mapato tena, lakini hapa ubora wa taarifa za watu wa katikati una uzito sawa na wa taarifa za walio chini. Penye watu wengi wenye mapato yasiyo rasmi au ya msimu, kipato cha kati huyumba na kuyumbisha mstari.

*Anayefaidika nao.* Nchi ambazo njaa si tatizo kuu tena, na yeyote anayechunguza nani ameachwa nyuma na ukuaji. Katika nchi maskini sana kipimo hiki kinaweza kupotosha vibaya. Kama kipato cha kati chenyewe kingekuwa 32, mstari ungekuwa 19.2, na mtu mwenye 20, asiyeweza kulipia chakula chake, angeitwa si maskini. Kwa sababu hiyo Benki ya Dunia ilianzisha mwaka 2018 mstari mseto: kwa bei za wakati huo, chukua kilicho kikubwa kati ya dola 1.90, na dola 1 ukijumlisha nusu ya kipato cha kati. Kwa nchi maskini unabaki kamili, kwa nchi tajiri unakuwa linganishi.

Kipimo cha nyanja nyingi

*Swali lake.* Kaya inakosa mambo gani kwa wakati mmoja? Sababu ya kuuliza hivyo ni kwamba fedha hainunui kila kitu. Kama eneo halina bomba, shule wala nguzo ya umeme, kipato cha kaya kinaweza kuvuka mstari wowote na mtoto bado akachota maji mbali.

*Kinavyochorwa.* Kinachojulikana zaidi ni kile kilichotolewa mwaka 2010 na kituo cha utafiti wa umaskini cha Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa mbinu ya Sabina Alkire na James Foster. Kina nyanja 3 zenye uzito sawa. Afya ina viashiria viwili, lishe na vifo vya watoto, kila kimoja 1/6. Elimu ina viwili, miaka ya shule na mahudhurio ya watoto, kila kimoja 1/6. Hali ya maisha ina sita, yaani nishati ya kupikia, choo, maji ya kunywa, umeme, nyumba na mali za kaya, kila kimoja 1/18. Kaya yenye upungufu unaofikia theluthi moja ya uzito wote huhesabiwa maskini, pamoja na kila anayeishi humo.

Turudi kwenye kaya zetu, hali ya mwanzo. C ina kipato kizuri, lakini ina mtoto wa umri wa shule asiyesoma (3/18), inapikia mkaa (1/18), inachangia choo na kaya nyingine (1/18) na inatembea zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi kuchota maji (1/18). Jumla ni 6/18, theluthi kamili, kwa hiyo ni maskini. B ina mtu mwenye utapiamlo (3/18), hakuna aliyemaliza miaka 6 ya shule (3/18), inapikia kuni, haina choo bora, sakafu ni ya udongo na umeme hakuna (4/18). Jumla 10/18. A, yenye kipato cha chini kuliko zote, iko karibu na shule na bomba, watoto wake wanasoma na wana afya. Inapungukiwa nishati safi ya kupikia, sakafu na mali za kaya: 3/18. Haimo. D na E hazimo pia.

Basi A ni maskini kwa mstari kamili, A na B kwa mstari linganishi, B na C kwa nyanja nyingi. Hakuna kaya hata moja iliyotajwa na vipimo vyote vitatu.

Fahirisi yenyewe hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Ya kwanza ni sehemu ya watu walio maskini: hapa 2 kati ya 5, yaani 0.4. Ya pili ni ukali, yaani wastani wa upungufu wa hao maskini: 6/18 na 10/18 wastani wake ni 8/18, karibu 0.444. Zao lake ni takriban 0.178. Uzuri wake ni kwamba B akipata umeme bado ni maskini, lakini fahirisi inashuka hadi 0.167. Anayehesabu vichwa tu asingeona kitu.

Ila usizisome namba hizo mbili kila moja kivyake. Tuseme badala ya B kupata umeme, C ananunua jiko la gesi. Upungufu wake unakuwa 5/18, anatoka, na maskini anabaki B pekee. Ukali sasa ni 10/18, yaani umepanda kutoka 0.444 hadi 0.556. Hakuna kaya iliyozidiwa. Aliyekuwa na upungufu mdogo ameondoka, basi wastani wa waliobaki umepanda. Fahirisi nzima imeshuka hadi 0.111, na hiyo ndiyo ya kutangaza. Na tazama jambo jingine: mtoto wa C bado hayuko shuleni, ila hesabu imeshamsahau.

*Uchumi ukibadilika.* Hakitikisiki haraka. Kipato kikiporomoka ndani ya miezi mitatu, choo hakibomoki wala miaka ya shule haifutiki. Kwa hiyo anayefuatilia mtikisiko kwa kipimo hiki ataambiwa mambo ni shwari hadi pale lishe itakapoanza kuharibika au watoto watakapoacha shule, na hapo amechelewa.

*Data.* Hutumia tafiti za afya na hali ya maisha ya kaya, ambazo nchi nyingi huwa nazo kila baada ya miaka michache. Viashiria vyote lazima vitoke kwenye kaya ileile. Huwezi kuchukua maji kutoka utafiti mmoja na lishe kutoka mwingine, kwa sababu kipimo chote kinasimama juu ya mambo kukosekana pamoja. Pia wazee wanaoishi bila watoto hawawezi kuonekana na upungufu wa mahudhurio ya shule. Kaya isiyo na mtoto wa umri huo huhesabiwa kuwa haina upungufu, kwa hiyo umaskini wa wazee unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo.

Uzito wa viashiria nao una wapinzani. Martin Ravallion, mchumi aliyekuwa nyuma ya dola 1 kwa siku, alihoji kwa nini tuunganishe mambo tofauti kuwa namba moja badala ya kuyaonyesha kila moja peke yake. Hoja yake ina nguvu. Nani aliamua kwamba mtoto mmoja kukosa shule ni sawa na kukosa umeme, maji na choo kwa pamoja? Jibu la upande wa pili ni kwamba mstari wa fedha nao una uzito wake, ila umejificha ndani ya bei.

*Anayefaidika nacho.* Anayepanga huduma. Ukishajua kwamba eneo fulani linaangushwa na maji na jingine na elimu, bajeti inajielekeza. Colombia iliunda kipimo chake rasmi mwaka 2011 chenye nyanja 5 na viashiria 15, kwa sababu viashiria vya kimataifa visingeonyesha tofauti za kutosha ndani ya nchi yake.

Kwa hali yako

Unagawa fedha taslimu na bajeti ina kikomo. Tumia mstari kamili pamoja na pengo lake. Kipimo cha nyanja nyingi kingekupeleka kwa C, ambaye anahitaji shule na bomba zaidi ya bahasha, na kumruka A.

Unapanga miundombinu na huduma za wilaya. Nyanja nyingi, na uchapishe jedwali la kila kiashiria kando ya fahirisi, vinginevyo mhandisi wa maji hatapata kitu cha kufanyia kazi.

Unaandika kuhusu nchi ya kipato cha kati au cha juu, na hoja yako ni kuachwa nyuma. Mstari linganishi, uambatane na ule uliogandishwa. Ukiona mistari hiyo miwili inakwenda pande tofauti, habari yako iko hapohapo.

Unafuatilia mtikisiko unaoendelea, uwe wa bei, ukame au vita. Mstari kamili kwa kipato au matumizi, ukirekebishwa kwa bei ambazo watu wa chini wanalipa hasa. Kama chakula kimepanda kuliko vitu vingine, mfumuko wa jumla utakuonyesha mstari ulio chini kuliko inavyostahili.

Unalinganisha nchi nyingi. Tumia dola za uwezo sawa wa ununuzi au fahirisi ya kimataifa ya nyanja nyingi, kisha uachane na mistari ya kitaifa, maana kila nchi imechora wake kwa mkono wake. Ukiwa na nchi moja tu, fanya kinyume chake.

Na kama una data ya kipato pamoja na ya huduma kutoka utafiti mmoja, tazama njia ya Mexico, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 2009. Huko kipato huwekwa kwenye mhimili mmoja na haki za kijamii kwenye mwingine. Aliye chini ya mstari wa kipato na mwenye angalau upungufu mmoja ni maskini. Mwenye kipato cha kutosha lakini ana upungufu huwekwa kundi lake, na mwenye kipato kidogo bila upungufu kundi lake. Kwa mantiki hiyo A anarudi kuwa maskini, huku B na C wakiingia kundi la walio hatarini kwa kukosa huduma. Unaweza kunung'unika kwamba B, mwenye utapiamlo na asiye na umeme, haitwi maskini kwa sababu ya vijisarafu 4 juu ya mstari, nami nitanung'unika nawe. Lakini kwenye mpangilio huo anaonekana, na mahali alipo panaeleza kwamba anachohitaji kwanza ni huduma.